Alama Zilizopotea Huenda Wapi

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne mwezi wa nane anajiandaaje na mtihani wa Hisabati, atakujibu kwamba anasolvu pasti pepa. Amesolvu ngapi? Nane, tisa, na nyingine ziko njiani. Amepata ngapi? Hapo pia ana jibu: moja alipata 58, nyingine 65, ya juzi 62. Sasa muulize ni mada ipi iliyomnyang'anya alama nyingi kuliko zote katika pepa hizo tisa. Wengi husita, kisha hutaja mada wanayoichukia. Lakini mada inayochukiwa na mada inayokula alama ni vitu viwili tofauti, na anayepanga marudio yake kwa chuki anaweza kukesha wiki tatu juu ya swali la alama tatu.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Pepa inasolviwa, inasahihishwa, jumla inaandikwa juu kwa wino mwekundu, kisha karatasi inaingia kwenye begi na haionekani tena. Jumla ile ya juu imeficha kila kitu kilichotokea ndani. Anayetaka kujua arudie nini wiki ijayo anahitaji kuifungua jumla hiyo, swali kwa swali, na kuiweka mahali inapoweza kuhesabiwa upya. Kazi hiyo hufanywa vizuri na lahajedwali, ile programu ambayo wengi wameizoea kwa jina la Ekseli, na ambayo kwenye simu hupatikana bure kama Google Sheets. Asiye na simu wala kompyuta anaweza kuchora safu zilezile kwenye kauntabuku na kujumlisha kwa mkono mara moja kwa wiki.

Nitachukua mfano wa mtihani mmoja tu, Hisabati ya kidato cha nne inayotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa sababu muundo wake unaisaidia sana kazi hii. Pepa ina saa tatu na alama 100. Sehemu A ina maswali kumi yenye alama sita kila moja, Sehemu B ina maswali manne yenye alama kumi kila moja, na yote hujibiwa. Zaidi ya hapo, katika pepa za miaka ya karibuni mada zimekuwa zikikaa karibu mahali palepale. Seti na uwezekano hugawana swali moja la Sehemu A, mfuatano na mfululizo huwa na swali lao, trigonometria na nadharia ya Pithagorasi hukaa pamoja, na matriksi pamoja na mageuzo huchukua swali zima la alama kumi kule mwishoni. Kwa hiyo ukifanya pepa nne, umepimwa mada zilezile mara nne kwa uzito uleule au unaokaribiana. Kuna masomo ambayo hayana bahati hiyo. Katika Historia, kwa mfano, mada inaweza kupotea kwenye pepa mwaka huu na mwakani ikaja na insha nzima.

Baraza lenyewe hufanya hesabu ya namna hii kwa nchi nzima. Kila baada ya mtihani hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, inayopatikana kwenye tovuti yake, na humo kila mada hupewa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Msomaji aangalie jambo moja asije akapotoka: rangi zile zinaonyesha ni asilimia ngapi ya watahiniwa waliopata angalau asilimia 30 ya alama za swali, wala hazionyeshi wastani wa alama. Mada inaweza kuwa nyekundu kitaifa na wewe ukawa mzuri ndani yake. Taarifa hiyo ina faida nyingine kubwa kuliko rangi, nayo ni sampuli za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Mtu anayejisahihisha nyumbani anazihitaji, maana ndizo zinazomwonyesha jibu linalopewa alama zote linavyoandikwa.

Turudi kwenye lahajedwali. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kutengeneza jedwali lenye mstari mmoja kwa kila pepa: mwaka, tarehe, jumla. Hilo linakurudisha kwenye wino mwekundu. Mstari mmoja uwe wa kipengele kimoja cha swali. Swali la tatu likiwa na kipengele (a) cha seti na (b) cha uwezekano, hiyo ni mistari miwili. Kama pepa haikuonyesha mgawo wa alama kwa vipengele, zigawe sawa, tatu kwa tatu, na ushikilie kanuni hiyo kwa pepa zote. Laha ya kwanza iite Alama, nayo iwe na safu hizi: A ni tarehe, B ni pepa, C ni swali, D ni mada, E ni alama ulizopata, F ni alama zilizowekwa, G ni alama zilizopotea, H ni sababu, na I ni dakika ulizotumia. Safu ya G usiiandike kwa mkono. Katika mstari wa pili iandike hivi, kisha iburute mpaka chini:

```
=F2-E2
```

Pepa moja huzaa mistari ishirini hadi thelathini. Kuijaza huchukua kama robo saa ukishazoea, na nadhani ndiyo robo saa yenye faida kuliko zote katika siku ya kusolvu pepa, ilimradi isigeuke kuwa saa nzima ya kupamba safu kwa rangi. Nimeona majedwali mazuri kama zulia ambayo mwenye nayo hajawahi kuyauliza swali lolote.

Safu ya sababu ndiyo roho ya jedwali. Tumia maneno manne tu. "Sijui" ni pale usipokuwa na njia kabisa, au njia uliyoianza haikuwa ya mada hiyo. "Hesabu" ni pale njia ilikuwa sahihi ukakosea kujumlisha, ukadondosha alama ya kutoa au ukanakili namba vibaya. "Swali" ni pale ulipojibu kitu ambacho hakikuulizwa. "Muda" ni pale kengele ilipokukuta hujafika, au ulipokwangua mistari miwili ya haraka ukijua haitoshi. Kama mstari mmoja una sababu mbili, andika ile iliyokula alama nyingi. Na sababu iandikwe siku ileile, kwa sababu baada ya siku tatu kila kosa hugeuka kuwa "nilikuwa najua, nilizembea tu". Neno hilo la uzembe sikuliweka kwenye orodha kwa makusudi. Anayeandika uzembe mara ishirini hajui bado afanye nini kesho.

Laha ya pili iite Muhtasari. Katika safu A orodhesha mada, moja kwa kila mstari kuanzia A2. Kupata jumla ya alama zilizopotea katika mada hiyo, andika:

```
=SUMIFS(Alama!G:G,Alama!D:D,A2)
```

Na kupata zile zilizopotea kwa sababu moja tu, ongeza sharti la pili:

```
=SUMIFS(Alama!G:G,Alama!D:D,A2,Alama!H:H,"sijui")
```

Fomula ya pili irudie katika safu tatu zinazofuata ukibadilisha neno la mwisho, na muhtasari umekamilika. Alama zilizowekwa kwa kila mada utazipata kwa fomula ya kwanza, ukiweka F:F mahali pa G:G.

Sasa tumchukue mtahiniwa wa kubuni, msichana aliyefanya pepa nne nzima kwa saa, kila Jumamosi moja. Amepata 61, 58, 65 na 62. Jumla ni alama 246 kati ya 400, wastani 61.5. Kwa viwango vya Baraza C inaanzia 45 hadi 64 na B inaanzia 65, kwa hiyo yuko kwenye C akilitazama daraja la juu kwa karibu. Alipopata 65 alishangilia, na alipopata 62 wiki iliyofuata akasema ameshuka. Tutarudi kwenye madai hayo. Kwanza tuone muhtasari wake unavyosema juu ya mada tano zilizompotezea alama nyingi zaidi. Mada nyingine zote zilimpotezea kidogo kuliko hizi, kila moja chini ya alama tisa kwa pepa zote nne.

| Mada | Zilizowekwa | Zilizopotea | sijui | hesabu | swali | muda |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Matriksi na mageuzo | 40 | 26 | 5 | 7 | 0 | 14 |
| Trigonometria na Pithagorasi | 24 | 12 | 10 | 2 | 0 | 0 |
| Programu mstari | 20 | 11 | 3 | 2 | 0 | 6 |
| Uwezekano | 12 | 10 | 9 | 0 | 1 | 0 |
| Logarithi na vipeo | 24 | 9 | 2 | 7 | 0 | 0 |

Kama angepanga mada kwa asilimia, kama wengi wanavyofanya, uwezekano ungekuwa wa kwanza kwa ubaya. Amepata alama 2 kati ya 12, yaani asilimia 17. Matriksi, yenye asilimia 35, ingefuata kwa mbali. Lakini alama zilizopotea kwenye matriksi ni zaidi ya mara mbili na nusu ya zile za uwezekano, kwa sababu mada moja ina alama kumi kwa kila pepa na nyingine ina tatu. Asilimia husema wewe ni dhaifu kiasi gani katika mada, na alama zilizopotea husema udhaifu huo unakugharimu kiasi gani. Daraja hutolewa kwa alama, kwa hiyo muhtasari upangwe kwa safu ya alama zilizopotea, kubwa ikiwa juu.

Angeishia hapo, angefungua daftari la matriksi na kulisoma wiki mbili. Na wiki hizo zingemfaa kidogo tu, kwa sababu kati ya alama 26 alizopoteza kwenye matriksi, alizokosa kwa kutojua ni tano. Kumi na nne zimekwenda kwa muda. Matriksi ziko kwenye moja ya maswali ya mwisho ya pepa, programu mstari iko jirani yake, na huyu binti hujibu maswali kwa mfuatano kuanzia la kwanza.

Safu ya dakika ndiyo inayomaliza ubishi. Saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100, yaani dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama sita lina haki ya dakika kumi na moja hivi, na la alama kumi lina haki ya dakika kumi na nane. Sehemu A yote, yenye alama 60, inastahili dakika 108. Yeye alikuwa akiitumia kama dakika 135. Zilizobaki ni 45 kwa maswali manne ya Sehemu B ambayo haki yake ni 72. Mawili ya mwanzo yakishakula dakika 35, anafika kwenye matriksi na programu mstari akiwa na dakika kumi kwa alama ishirini. Tazama tena kwenye laha ya Alama ni swali lipi la Sehemu A lililovimba, utakuta ni lile la kwanza, la namba na sehemu, alilokuwa akilirudia mara mbili kuhakikisha. Anaogopa kukosea swali rahisi, na hofu hiyo inalipwa na swali gumu.

Mada hizo mbili zimempotezea alama 20 kwa muda katika pepa nne, sawa na alama tano kwa kila pepa. Wastani wake ni 61.5. Alama hizo tano zikirudi zote anafika 66.5, ambayo ni B, kabla hajajifunza kitu chochote kipya. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza unaotoka kwenye lahajedwali lake hauhusu daftari lolote: pepa ijayo aanze na maswali mawili ya mwisho akiwa na akili bado mbichi, na swali lolote la Sehemu A likipita dakika kumi na mbili aliache aende mbele. Hili ni jaribio, na safu ya dakika ya pepa ijayo itatoa hukumu yake.

Kwa ajili ya vitabu na madaftari, sasa soma safu ya "sijui" peke yake. Mpangilio umebadilika kabisa. Trigonometria ina 10, uwezekano 9, matriksi 5, programu mstari 3, logarithi 2. Hizi ndizo alama ambazo kusoma upya kunaweza kuzirudisha. Logarithi, ambazo kwenye jumla zilionekana kuwa tatizo, hazihitaji kufundishwa upya. Alama saba zilizopotea kwa hesabu zinahitaji mazoezi mafupi ya kila siku yenye uhakiki wa hatua, kama vile kurudisha jibu kwenye mlinganyo uone kama linakubali. Kwenye matriksi vilevile: makosa ya hesabu hapo mara nyingi hutokea kwenye kutafuta determinanti, pale namba hasi inapotolewa kwa namba hasi nyingine.

Trigonometria au uwezekano, ipi ianze? Tofauti ya 10 na 9 ni ndogo mno kuamua jambo. Kinachoamua ni urefu wa mada. Uwezekano katika silabasi ni mada fupi ya kidato cha nne: tukio moja, matukio mawili, mchoro wa matawi, na fomula chache. Jioni nne au tano zinatosha kuitoka. Trigonometria imegawanyika: misingi yake ni ya kidato cha pili, na kanuni za sine na kosine pamoja na pembe zilizounganishwa ni za kidato cha nne. Mtu anayekosa pale hawezi kujua kwa haraka kama kinachomsumbua ni cha juu au cha chini. Kwa hiyo mwenye wiki mbili aanze na uwezekano jioni tano, kisha ahamie trigonometria kwa siku zilizobaki, akiwa ameshafungua laha ya Alama kuona vile vipengele vilivyoandikwa "sijui" ni vya kidato gani. Hapo wapo watakaogundua jambo la kusikitisha: karibu "sijui" zao zote ni za mada za kidato kimoja, mwaka ule shule haikuwa na mwalimu wa Hisabati. Ukiliona hilo, tatizo lako limepata mipaka, na mipaka hiyo ni mada chache zinazoweza kuhesabika kwa vidole.

Awamu ya wiki mbili imekwisha, pepa mpya imefanywa, na uwezekano umepata alama 3 kati ya 3. Je, mada imepona? Bado haijulikani. Kipengele kimoja cha alama tatu kikiangukia mchoro wa matawi uliousoma jana, utapata zote. Kikiangukia mahali pengine, utapata sifuri. Namba ndogo huruka sana, na asilimia huzifanya zionekane kubwa: kutoka 0 hadi 100 kwa wiki mbili ni habari ya kusisimua inayotokana na swali moja. Subiri mpaka uwe na pepa tatu baada ya awamu. Ikiwa zamani ulikuwa na 2 kati ya 12, na sasa una 7 kati ya 9, hapo unaweza kusema kitu. Jambo hilohilo ndilo lililomdanganya binti wetu kwenye jumla. Kutoka 65 kwenda 62 hakuna kushuka kwa maana yoyote. Ugumu wa pepa hutofautiana zaidi ya hapo, na swali moja la alama sita lililoteleza linatosha kuleta tofauti mara mbili yake. Linganisha wastani wa pepa tatu na wastani wa pepa tatu zilizotangulia, na tofauti ya chini ya alama tano usiipe jina.

Unaweza kuharakisha ushahidi kwa kutafuta maswali ya uwezekano katika pepa za zamani. Zile za kabla ya muundo huu, ambazo Sehemu B ilikuwa na maswali ya kuchagua, hazifai kufanywa nzima kwa kulinganisha jumla, ila maswali yake ya mada moja moja yanafaa sana. Mitihani ya utimilifu ya mikoa nayo ni hazina. Ila kwenye safu B ya maswali hayo usiandike mwaka wa pepa, andika "zoezi", na kwenye muhtasari uyatenge. Sababu ni hii: ukikaa na maswali sita ya uwezekano, unajua kabla hujaanza kwamba yote ni ya uwezekano. Ndani ya pepa hakuna anayekunong'oneza. Kuitambua mada ni nusu ya kazi, na mtu anaweza kupata alama zote kwenye zoezi kisha akalikodolea macho swali lilelile kwenye pepa.

Swali lililorudiwa nalo ni hivyo hivyo. Pepa uliyoifanya mwezi wa sita ukiifanya tena mwezi wa nane, utapata alama nyingi zaidi kwa sababu unakumbuka majibu. Kama utairudia, iandike "marudio" na usiiingize kwenye wastani. Na pepa mbili au tatu za miaka ya karibuni kabisa zifungie mbali tangu mwanzo wa mwaka, usizichungulie hata kwa udadisi wa kikundi cha WhatsApp, zibaki kuwa kipimo cha mwezi wa kumi.

Lahajedwali linaweza pia kudanganya kwa njia za kijinga kabisa. Anayeandika "Uwezekano" siku moja na "Probabiliti" siku nyingine ana mada mbili zilizo na nusu ya ukweli kila moja. Hata nafasi tupu iliyobaki baada ya neno huitenga. Dawa yake ni kuweka orodha ya kuchagua kwenye safu D kupitia "Data validation", usiandike kwa mkono tena. Dawa ya pili ni jaribio la jumla: chini ya muhtasari jumlisha alama zilizowekwa za mada zote. Pepa nne lazima zitoe 400. Zikitoa 391, kuna kipengele hakikuingizwa, na mara nyingi ni kile ambacho hukukigusa. Wengi huruka mstari wa swali ambalo hawakujibu, eti hakuna cha kuandika. Kumbe kuna cha kuandika: sifuri kati ya tano, sababu muda. Ukiruka mistari hiyo, mada unayoikimbia itaonekana nzuri kuliko zote.

Usahihishaji wa nyumbani una tatizo lake. Mtu akiona jibu la mwisho linafanana na la kitabu hujipa alama zote, hata kama hatua za katikati hazipo, na akiona halifanani hujipa sifuri hata kama njia ilikuwa sahihi mpaka mstari wa mwisho. Yote mawili yanaharibu safu ya sababu. Badilishaneni karatasi, mwenzako asahihishe yako nawe usahihishe yake, na pale mnapobishana mpelekeeni mwalimu kipengele hicho kimoja tu. Mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki hawezi kusahihisha pepa zenu zote, ila swali moja lenye ubishi atalipa dakika mbili.

Na binti wetu? Tuseme amefanya pepa ya tano kwa mpangilio mpya, akianza na maswali mawili ya mwisho. Amepata 64. Haijafika 66.5, na muhtasari unaonyesha kwa nini: alama zilizopotea kwa muda kwenye matriksi, zilizokuwa wastani wa tatu na nusu kwa pepa, sasa ni moja, ila za hesabu zimepanda kutoka chini ya mbili kwa pepa hadi tatu. Hapo awali swali hakulifikia, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kulikosea. Alama zilizookolewa kutoka kwenye muda hazirudi zote. Sehemu yake huhamia kwenye safu nyingine, na hiyo ndiyo safu ya awamu ijayo. Kwake yeye, wiki mbili zinazofuata ni za determinanti na alama za kutoa, dakika ishirini kila jioni, na trigonometria iendelee pale ilipoishia.

Haya yote yanategemea jambo moja lililo mikononi mwa shule. Katika shule nyingi mtihani wa utimilifu husahihishwa vizuri, swali kwa swali, kisha mwanafunzi husomewa jumla na daraja tu, na karatasi hubaki kabatini. Walimu wa Hisabati, tunawaomba: rudisheni karatasi zikiwa na alama za kila kipengele, walau kwa siku mbili. Kazi kubwa ya kusahihisha mmeshaifanya, na kwa mwenye lahajedwali hiyo ni mistari thelathini ya bure kutoka kwa msahihishaji anayejua kazi yake.